Mstari wa juu wa profaili na Open to work: mwongozo kamili kwa anayetafuta kazi

Kila ofisini kwetu inapotangazwa nafasi, mimi ndiye ninayepitia profaili za waombaji LinkedIn. Kosa ninalokutana nalo halibadiliki. Chini ya jina, mahali pa kuandika mtu anafanya kazi gani, mwombaji ameandika hali yake: hana kazi, ni mchapakazi, yuko tayari kwa lolote. Nimeshaeleza jambo hili kwa ufupi mara kadhaa, na bado watu wananiletea mistari ileile. Basi leo nalieleza hatua kwa hatua, kwa mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mfano wenyewe ni binti wa jirani yangu hapa Mwanza. Ana shahada ya uhasibu, na amefanya kazi miaka miwili katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Duka lilipofungwa akakaa miezi mitano bila kupigiwa simu hata moja. Mstari wake ulisomeka hivi:

```
Unemployed graduate | Hardworking, honest | Looking for any job anywhere
```

Nikamuuliza, "Mwanangu, mimi nikitafuta mhasibu, nitaandika neno gani kwenye kisanduku cha kutafutia?" Akasema, "Accountant, baba." Nikamwambia alitafute neno hilo kwenye mstari wake. Halikuwemo.

## Vya kuandaa kabla ya kugusa simu

Tafuta matangazo ya kazi kumi hadi kumi na mawili ya kazi unayoitaka, ya miezi ya karibuni, kutoka miji unayoweza kuishi. Yapige picha ya skrini au yaprinti. Matangazo matatu hayatoshi, kwa sababu kila mwajiri ana maneno yake na utadhani la huyo mmoja ndilo la wote.

Uwe na karatasi na kalamu, wasifu wako wa kazi ulio sahihi, na nywila ya akaunti yako ya LinkedIn. Tenga saa moja na nusu. Kuandika mstari wenyewe ni dakika tano. Muda uliobaki ni wa kusoma matangazo.

Jambo moja la kujua mapema: kama unalenga serikalini Tanzania, kazi hizo zinaombwa kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na mstari huu hautakusaidia huko. Ni wa kampuni binafsi, mashirika yasiyo ya kiserikali na mawakala wa ajira.

## Hatua ya 1: Chagua jina moja la kazi

Soma vichwa vya matangazo yako na uviandike vyote kwenye karatasi, kila jina na idadi yake. Binti yetu alikuwa na matangazo kumi na mawili. Matano yaliandika "Assistant Accountant", matatu "Accounts Assistant", mawili "Accounts Officer", na mawili "Accountant". Hayo mawili ya mwisho yalitaka CPA (T), yaani sifa ya mhasibu aliyesajiliwa, na uzoefu wa miaka mitano, vitu ambavyo hana.

Akachukua "Assistant Accountant". Ndilo lililotokea mara nyingi zaidi, na ndilo analoweza kulitetea mbele ya jopo la usaili. Majina mengine mawili tuliyaweka akiba. Yana mahali pake katika hatua ya 6.

Sababu ya kuchagua jina moja tu ni namna watu wanavyotafuta. Mwajiri anaandika jina la kazi na mji, kisha anateremsha orodha kwa kidole akisoma jina, picha na mstari mmoja chini yake. Akikuta "Accountant | Marketer | Teacher | Driver", anaona mtu asiyejua anachotaka, anaendelea kushuka.

Tahadhari ya cheo. Usijipandishe. Herufi za CPA (T) ni za aliyemaliza mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, na kusajiliwa nayo. Kama umefaulu mitihani ya ngazi ya kati tu, usiziandike kwenye mstari. Ngazi uliyofikia iandike chini, sehemu ya elimu. Mwajiri wa wahasibu anajua pa kuuliza.

Kuhusu lugha, andika kwa lugha ya matangazo uliyokusanya. Ya uhasibu hapa kwetu yote yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo na mstari ukawa wa Kiingereza. Lakini fundi anayetafutwa na wenye nyumba aandike Kiswahili, maana mwenye bomba linalovuja haandiki "plumber", anaandika "fundi bomba".

Umefaulu hatua hii kama unaweza kuifunika karatasi na kulitaja jina la kazi yako bila kuongeza "au".

## Hatua ya 2: Punguza ujuzi hadi vitu vitatu

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tusikimbie.

Rudi kwenye matangazo yaleyale, safari hii usome sehemu ya majukumu na sifa. Kila ujuzi unaotajwa uandike na uupigie mstari kila unaporudi. Karatasi ya binti ilitoka hivi: ritani za TRA, yaani VAT na PAYE, mara tisa. Usuluhishi wa hesabu za benki mara nane. Programu za uhasibu: QuickBooks mara tano, Tally mara nne. Excel karibu kila tangazo. Na "uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo", ambao sijawahi kuona tangazo likiukosa.

Sasa futa. Kwanza futa tabia zote: uaminifu, bidii, kujituma. Hakuna mwajiri anayetafuta "mwaminifu" kwenye kisanduku, na mwizi naye anaweza kuliandika neno hilo. Halafu futa kile ambacho kila mtu wa fani yako anacho. Kwa mhasibu, hicho ni Excel. Kibaki kwenye wasifu. Kwenye mstari kinakula nafasi tu.

Kisha futa usichoweza kukifanya kesho asubuhi. Tally ilimtia binti majaribuni, kwa kuwa aliwahi kuiona kwa rafiki yake. Nilimuuliza angeingizaje vocha ya malipo humo, akacheka. Ikafutwa. Kuna ofisi ambazo usaili wake ni kompyuta na rundo la risiti, na aliyeandika programu asiyoijua anaumbuka dakika ya pili.

Vilivyobaki vipime kwa kipimo kimoja: kila ujuzi ueleze kwa sentensi mbili za kazi uliyoifanya kweli. Juu ya usuluhishi wa benki alinieleza hivi: "Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nalinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha. Mara nyingi tofauti ilitoka kwenye hundi ambazo mafundi hawajazipeleka benki, na makato ya benki ambayo bosi hakuniambia." Huyo amefanya kazi hiyo. Asingekuwa ameifanya asingezikumbuka hundi za mafundi.

Juu ya ritani, alijua bila kusita kwamba PAYE inatakiwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha na VAT tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwenye kampuni ndogo anaajiri mhasibu kwa ajili ya tarehe hizo hasa, kwa sababu akizipitisha anapigwa faini. Ndiyo maana VAT na PAYE zinauza kuliko neno pana kama "taxation", ambalo linaweza kuwa na maana ya chochote.

Vitatu vilivyobaki: QuickBooks, ritani za VAT na PAYE, usuluhishi wa hesabu za benki. Viwili ni kazi, kimoja ni chombo. Mchanganyiko wa namna hiyo unafaa fani nyingi: mtunza stoo anaweza kuweka kuhesabu mali, kupokea mizigo na programu anayoitumia.

Kama vimebaki vinne na huoni cha kutoa, toa kilichotajwa mara chache zaidi kwenye matangazo. Hata kama ndicho unachokipenda.

## Hatua ya 3: Mahali

Mahali panaandikwa sehemu mbili, na watu wengi wanajua moja.

Ya kwanza ni sehemu ya Location ndani ya profaili. Mwajiri anapochuja orodha kwa mji, mtandao unaangalia hiyo, hauangalii mstari wako. Binti alisoma Dodoma, na Location yake ilikuwa bado Dodoma miaka miwili baada ya kurudi nyumbani. Kila aliyechuja kwa Mwanza hakumwona kabisa. Nadhani kosa hili peke yake lilimgharimu zaidi ya yale maneno "any job".

Ya pili ni mwisho wa mstari wenyewe. Utauliza, kama Location inatosha, mji unaandikwa tena wa nini? Ni kwa sababu unapotoa maoni chini ya chapisho la mtu, kinachoonekana ni jina na mstari tu. Location haipo hapo. Mwenye kampuni Mwanza anayesoma maoni yako hatajua kwamba unakaa mtaa wa pili.

Andika mji, usiandike nchi. "Tanzania" haimwambii mtu wa Mwanza kama ataombwa nauli ya kumhamisha mfanyakazi. Mji wa pili uongeze tu kama kweli unaweza kuhamia na una pa kufikia. Binti ana shangazi Mbagala, kwa hiyo Dar es Salaam ikaingia. Arusha hana mtu, haikuingia.

"Anywhere" ondoa kabisa. Mwajiri anaisoma kama mtu aliyekata tamaa, na wakala tapeli anaisoma hivyohivyo ila yeye anafurahi.

## Hatua ya 4: Unganisha na uhesabu

Mpangilio ni jina la kazi, ujuzi, mahali, na katikati mstari wima wenye nafasi kila upande. Jina la kazi litangulie daima, kwa kuwa kwenye maoni na mialiko simu inakata mstari mrefu na kuacha mwanzo tu.

```
Assistant Accountant | QuickBooks, VAT & PAYE returns, bank reconciliation | Mwanza or Dar es Salaam
```

Ukihesabu na nafasi zilizo wazi, hizo ni herufi 100. LinkedIn inaruhusu hadi 220, lakini kuruhusiwa si kulazimishwa. Ukivuka 120 ujue umerudisha kitu ulichokifuta katika hatua ya 2.

Mistari mingine miwili ya kupimia macho, mmoja wa mtu wa bandarini na mmoja wa fundi:

```
Storekeeper | Stock taking, goods receiving, Excel | Mombasa
Fundi umeme | Waya za majumbani, sola, pampu za maji | Morogoro
```

Excel imo kwa mtunza stoo ingawa kwa mhasibu tuliitoa. Wanaogombea kazi za stoo wengi wao hawaijui, kwa hiyo kwake inamtofautisha.

Epuka nyota, roketi na herufi za mapambo zinazonakiliwa kutoka tovuti za kubadilisha fonti. Kwa macho zinaonekana kama herufi nene, lakini kwa kompyuta ni alama nyingine, na neno "Accountant" lililoandikwa nazo huenda lisipatikane kabisa linapotafutwa.

Kipimo cha mafanikio: msomee mstari mtu asiye wa fani yako, mara moja tu, kisha muulize unafanya kazi gani na uko wapi. Akijibu yote mawili, endelea. Mama wa binti alijibu, kisha akauliza kwa nini hatukuandika kwamba mwanawe ana heshima.

## Hatua ya 5: Uingize kwenye profaili

Fungua profaili yako na ubonyeze alama ya penseli iliyo karibu na jina. Tafuta kisanduku cha Headline, futa kilichomo, andika mstari wako. Shuka hadi Location, weka nchi na mji. Bonyeza Save.

Kisha shuka kwenye sehemu ya Experience uhakikishe ujuzi ulioutaja juu unaonekana pia chini ya kazi uliyofanya. Mstari unaosema VAT juu ya profaili isiyoitaja tena popote unatia shaka. Sentensi zako mbili za hatua ya 2 zinatosha hapo. Ziweke kama zilivyo.

Ukiongeza kazi mpya siku za usoni, chungulia Headline kabla ya kuhifadhi. Fomu hiyo inaweza kukuletea kisanduku chake na ukajikuta umebadilisha mstari bila kukusudia.

## Hatua ya 6: Washa Open to work

Open to work ni alama ya LinkedIn inayoonyesha kwamba unatafuta kazi. Chini ya jina lako kuna kitufe cha Open to. Kibonyeze, chagua Finding a new job, ujaze.

Kwenye Job titles unaruhusiwa majina matano. Hapa ndipo majina ya akiba yanapoingia. Binti aliweka Assistant Accountant, Accounts Assistant na Accounts Officer, akaishia hapo. Kwenye Location types chagua On-site, na Hybrid au Remote kama una umeme na intaneti vya kutegemewa. Miji iwe ileile ya kwenye mstari. Ikipishana, anayekusoma hajui ashike ipi. Start date ichague kwa ukweli wa hali yako.

Swali gumu ni nani aone. Kuna chaguo mbili.

All LinkedIn members inaweka fremu ya kijani kwenye picha yako, na kila mtu anaiona. Kama huna kazi, chagua hii. Najua wapo wanaosema fremu inamshusha mtu. Mimi ninayeajiri sijawahi kumwacha mtu kwa sababu yake. Inaniambia tu kwamba nikipiga simu atapokea.

Recruiters only inawaonyesha wanaotumia LinkedIn Recruiter, chombo cha kulipia. Hii ni ya aliye kazini asiyetaka bosi ajue. LinkedIn inajitahidi kuwaficha waajiri wa kampuni yako, lakini yenyewe inasema haiwezi kukuhakikishia usiri kamili. Na iko kasoro ya pili ambayo haisemwi sana: kampuni ndogo na za kati za miji yetu nyingi hazilipii chombo hicho. Kwao umewasha taa ndani ya chumba kilichofungwa. Wanachokiona ni mstari wako tu, ndiyo maana tumeutumia muda wote huu.

Aliye kazini asisahau kwamba mstari unaonekana na wote, bosi akiwemo. Mji wa pili uondoe, na neno lolote la kutafuta kazi uliondoe. Jina la kazi, ujuzi na mji mmoja havimshtui mtu.

Fremu ya kijani ikishawaka, tegemea na matapeli. Dalili yao kubwa ni pesa: ada ya fomu, vipimo vya afya, sare, tena kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Binti alipata ujumbe wa kwanza siku ya tatu, "kazi" ya hotelini kwa shilingi 35,000 za usajili. Hakuna kampuni ya kweli iliyomwona mhasibu ikampa kazi ya hotelini bila kumuuliza chochote. Zuia namba, endelea.

## Hatua ya 7: Jaribu kama mwajiri

Omba simu ya ndugu mwenye akaunti yake. Aandike jina lako la kazi kwenye kisanduku cha kutafutia, achague People, achuje kwa mji wako. Usitarajie kuwa wa kwanza, kwa kuwa mtandao unampa kila mtu orodha yake kwa kufuata anaofahamiana nao. Unachokagua ni kwamba umo, na kwamba mstari unasomeka.

Kisha toa maoni ya maana kwenye chapisho la fani yako na uangalie mstari wako unakatwa wapi. Jina la kazi likikatwa, rudi hatua ya 4.

Mwisho, kila wiki tazama Search appearances kwenye profaili yako, yaani mara ulizotokea watu walipotafuta. Idadi ikipanda na ujumbe hauji, watu wanakuona lakini hawavutiki: badilisha ujuzi. Idadi isipopanda kabisa, hawakuoni: kagua jina la kazi na Location. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja na ukipe wiki mbili, la sivyo hutajua kilichofanya kazi ni kipi.

Search appearances ya binti ilianza kupanda wiki ya pili. Ujumbe haukuja. Tukarudi kwenye karatasi yetu, tukaona "Accounts Assistant" inatumika zaidi na kampuni za Mwanza, na "Assistant Accountant" na za Dar es Salaam. Akabadilisha hilo tu. Siku tisa baadaye akapigiwa simu na kampuni ya usafirishaji, na swali la kwanza aliloulizwa likawa: "Ritani ya VAT ya mwezi uliopita unaweza kuifanya kabla ya tarehe 20?" Ilikuwa tarehe 14.